Mkaguzi aliyepita hayupo na mafaili yake hayaonekani, stoku ya kuanzia unaithibitishaje?

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeanza ukaguzi juzi juzi kaniuliza, kaka nimepata mteja mpya, mkaguzi wa zamani kafunga ofisi na simu hapokei, salio za mwanzo nifanyeje? Nikamwambia nimeshapita hapo, na kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya hizo salio wala hazikupi tabu, inayokukwamisha ni moja tu, stoku.

Kesi yangu ilikuwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, mwaka wao unaisha 31 Desemba na sisi tuliteuliwa Aprili 2023 tukague hesabu za 2023. Mkaguzi wa kabla yetu alikuwa anafanya kazi peke yake, akafariki, ofisi ikafungwa, familia ikatafuta mafaili haikuyapata. Tulichokuwa nacho ni hesabu za 2022 zilizosainiwa, zenye hati safi kabisa, na mteja akawa anasema si hizo hapo zimekaguliwa, shida nini? Shida ni kwamba ISA 510, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, inakutaka wewe upate ushahidi wako kuhusu salio za mwanzo, na saini ya mwenzako bila kuona alichokifanya haikupi ushahidi huo.

Cha kwanza kabisa, kabla hujaenda mbali, chukua zile hesabu zilizosainiwa uzilinganishe na salio za 1 Januari kwenye mfumo wa mteja, mstari kwa mstari. Sisi tulikuta tofauti ya milioni 18 na ushee, kumbe marekebisho ya mkaguzi ya mwisho wa mwaka, uchakavu na madeni mabaya, yaliingia kwenye hesabu zilizochapwa ila mhasibu hakuwahi kuyaingiza kwenye mfumo. Hii ipo sana kwa wateja wadogo, nakwambia usiiruke.

Wadaiwa, wadai na mkopo tulimaliza ndani ya siku chache maana mwaka mpya wenyewe unazithibitisha. Mdaiwa wa Desemba akilipa Februari basi deni lilikuwepo, ila hakikisha hela iliyoingia benki inalipa invoisi ya Desemba kweli na si ya mauzo mapya, hapo watu wanateleza. Wadai unaangalia malipo ya miezi ya mwanzo na steitimenti za wasapulaya. Mkopo unaomba barua ya benki ya tarehe 31 Desemba ya mwaka uliopita, na magari unashika kadi na invoisi za kununulia.

Sasa stoku. Mzigo uliokuwepo 31 Desemba 2022 umeshauzwa na hukuwepo wakati unahesabiwa, na kuhesabu kwa leo hakukuambii chochote kuhusu siku ile mpaka urudi nyuma na hesabu, yaani uchukue ulichohesabu leo, ujumlishe kilichouzwa, utoe kilichonunuliwa. Na hapa kuna kosa nililofanya ambalo naumia nalo mpaka leo, tulisaini Aprili lakini tukasubiri kuhesabu mwisho wa mwaka kama ratiba ilivyokuwa. Tungehesabu wiki ile ile tuliyosaini tungerudi nyuma miezi minne tu, badala yake tukarudi miezi kumi na mbili, na kila mwezi unaoongezeka ni risiti zaidi za kupotea na wizi na uharibifu zaidi unaojificha humo katikati. Ukisaini barua ya kazi leo, kesho uwe stoo.

Mfano wa nondo za milimita 12. 31 Desemba 2023 tulihesabu 1,240. Mauzo ya mwaka kwa risiti za EFD yalikuwa 9,860, manunuzi 9,400. Kwa hiyo 1,240 ongeza 9,860 toa 9,400 unapata 1,700 za kuanzia. Orodha ya stoku iliyobeba hesabu za 2022 inasema 2,300. Zimezidi 600, kwa gharama ya 20,000 kila moja ni milioni 12 kwa bidhaa moja tu.

Tungeweza kubishana na mhasibu mwezi mzima, ila kilichotuokoa ni mtunza stoo, mzee mmoja makini sana. Nikamuuliza, mzee wangu, mlipohesabu Desemba ile mliandika wapi? Akavuta droo akatoa daftari la kaboni, nakala za karatasi za kuhesabia bado zipo, wino wa bluu umefifia ila nondo 12 inasomeka 1,700 na saini mbili chini. Akasema zile 600 zilikuwa njiani, ofisini wakaziongeza. Tukafuata delivari na invoisi ya sapulaya, zote za 4 Januari 2023. Maana yake mzigo uliingizwa kwenye stoku ya Desemba bila deni lake, halafu Januari ukaingia tena kama manunuzi. Kwa hiyo mafaili ya mkaguzi yakikosekana, anza na stoo ya mteja, maana karatasi za kuhesabia ni zake yeye, mkaguzi alichukua nakala tu.

Ukishajua hivyo angalia kosa linaenda wapi. Stoku ya kuanzia ikizidi milioni 12, gharama za mauzo za mwaka huu zinazidi milioni 12 na faida inapungua kiasi hicho hicho, wakati faida ya mwaka jana ilizidi. Mizania ya mwisho wa mwaka huu haiguswi, kwa sababu stoku ya kufungia umeihesabu mwenyewe na makosa ya miaka miwili yamefutana ndani ya mtaji. Kwa bidhaa tisa tulizorudisha nyuma tofauti zilifika milioni 31, juu ya kiwango cha makosa tulichojiwekea cha milioni 20, mteja akakubali kusahihisha takwimu za 2022 kama kosa la mwaka uliopita kwa utaratibu wa kiwango cha uhasibu IAS 8. Angekataa, ingebidi tutoe hati yenye shaka au hata isiyoridhisha.

Bado ikabaki misumari, rangi na vitu vidogo vidogo vya milioni 64. Hivi vinauzwa kwa kilo na kwa kipimo, risiti zimeandikwa "vifaa" basi, na kwenye daftari la kaboni kurasa zake hazipo. Tulijaribu kwa kiwango cha faida ya mauzo ila bei zilipanda na kushuka mno mwaka ule, jibu lilikuwa linacheza milioni 20 huku na huku, hakuna wa kuliwekea saini. Hapo usijilazimishe. ISA 510 inakuruhusu kugawanya maoni, tukatoa hati yenye shaka kwa matokeo ya mwaka na mtiririko wa fedha, na hati safi kwa mizania. Tukaongeza aya ya mambo mengine kusema hesabu za 2022 zilikaguliwa na mkaguzi mwingine, alitoa hati safi, na tarehe ya ripoti yake.

Bosi wa duka alikasirika sana, benki ilikuwa inasubiri hizo hesabu. Nikakaa naye nikamwonyesha kwamba mizania haina shaka yoyote, na kwamba kwa vile tulihesabu vizuri mwisho wa 2023, stoku ya kuanzia 2024 tayari tumeishika mikononi. Ila nikamwambia mapema pia kwamba ripoti ya 2024 bado inaweza kutaja ile shaka, kwa sababu faida ya 2023 itakaa pembeni kama takwimu za kulinganishia.