Etha ilinifundisha kuuliza maswali mawili

Nikiwa kidato cha sita nilikuwa na kanuni moja ya kemia ogania niliyoiamini mno: kampaundi yenye bondi za haidrojeni huchemka kwenye joto la juu na humumunyika kwenye maji, isiyo nazo huchemka mapema na haimumunyiki. Ilinipatia maksi nyingi. Siku moja kwenye jaribio la darasani tukapewa daiethili etha na butan-1-oli, tukaulizwa kwanza kwa nini zinatofautiana sana katika kiwango cha kuchemka, kisha tukadirie umumunyifu wake. La kwanza nilipata lote. La pili niliandika kwamba butan-1-oli itamumunyika vizuri na etha haitamumunyika kabisa, nikapata sifuri. Leo nafundisha somo hilohilo, na kila mwaka nakutana na wanafunzi walioshika kanuni ile ile.

Tazama kampaundi tatu zenye molekuli za uzito unaokaribiana sana. Pentani ina uzito wa 72, nyingine mbili 74.

Pentani, CH3CH2CH2CH2CH3, huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi. Daiethili etha, CH3CH2OCH2CH3, huchemka kwenye nyuzi 35. Butan-1-oli, CH3CH2CH2CH2OH, huchemka kwenye nyuzi 118. Kwa kuchemka, basi, etha ni ndugu wa pentani. Sasa njoo kwenye maji. Mililita 100 za maji hubeba gramu 7 na ushee za butan-1-oli, na gramu 6 hadi 7 za etha. Pentani hata sehemu ya mia ya gramu haifiki. Kwa umumunyifu etha imehamia upande wa pili, imekuwa ndugu wa butan-1-oli.

Kanuni yangu haikuweza kueleza jambo hili kwa sababu ilichanganya maswali mawili. Kiwango cha kuchemka kinauliza: molekuli hizi zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kiasi gani? Umumunyifu unauliza: molekuli hizi zinaweza kushikana na maji kiasi gani, na maji yanapoteza nini kwa kuzipokea? Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiandike jibu kabla hawajaandika pembeni, kwa penseli, maneno haya: "na nani?"

Bondi ya haidrojeni inahitaji pande mbili. Upande mmoja awepo mtoaji, yaani haidrojeni iliyofungwa moja kwa moja kwenye oksijeni, naitrojeni au florini, ambayo elektroni zake zimevutwa hadi imebaki na chaji chanya kidogo. Upande mwingine awepo mpokeaji, yaani atomu ya namna hiyo yenye jozi huru ya elektroni. Butan-1-oli ina vyote viwili, kwa hiyo molekuli zake zinafungana zenyewe, na zinafungana na maji pia. Etha ina oksijeni yenye jozi huru, lakini haidrojeni zake zote 10 ziko kwenye kaboni. Ni mpokeaji bila mtoaji. Ukizikusanya etha peke yake, hakuna wa kutoa, zinabaki na mvutano wa van der Waals na upolari wao mdogo. Ukiileta kwenye maji, maji ndiyo yanatoa haidrojeni, na oksijeni ya etha inapokea.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote liko hapa. Mwanafunzi anaona herufi H nyingi na herufi O moja kwenye fomula, anaandika "kuna bondi za haidrojeni". Dawa yake ni kuchora. Chora molekuli nzima na kila bondi, kisha weka kidole juu ya kila haidrojeni ujiulize imefungwa kwenye atomu gani. Ikiwa ni kaboni, iache.

Ukishazoea, kampaundi ziitwazo amini, zenye naitrojeni, nazo hazitakusumbua. Butan-1-amini ina uzito wa 73 na huchemka kwenye nyuzi 78 tu, nyuzi 40 chini ya butan-1-oli, kwa sababu naitrojeni haivuti elektroni kwa nguvu kama oksijeni na bondi za N–H zinakuwa watoaji dhaifu. Lakini jozi huru ya naitrojeni ni mpokeaji mzuri sana wa haidrojeni za maji, na amini hii huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Inachemka chini ya alkoholi, inamumunyika kuipita. Kwa mtu mwenye kanuni yangu ya zamani, hilo haliwezekani.

Umbo la molekuli ndilo linalonifurahisha zaidi kufundisha, na nalieleza kwa alkoholi nne zenye fomula moja, C4H10O. Zote zina OH moja, zote zina kaboni 4, uzito ni uleule. Butan-1-oli huchemka kwenye nyuzi 118, 2-methilipropan-1-oli kwenye 108, butan-2-oli kwenye 99.5, na 2-methilipropan-2-oli kwenye 82. Idadi ya watoaji na wapokeaji haikubadilika hata kidogo, lakini kiwango cha kuchemka kimeshuka nyuzi 36.

Mambo mawili yanashusha kwa pamoja. La kwanza ni mgusano. Mnyororo ulionyooka hulala kando ya mwenzake kama vijiti vya kiberiti ndani ya kisanduku, unagusana kwa urefu wake wote. Molekuli yenye matawi inakuwa kama gololi, na gololi mbili hugusana mahali padogo. La pili ni kujificha kwa OH. Kwenye 2-methilipropan-2-oli, kaboni iliyobeba OH imezungukwa na makundi matatu ya CH3, na molekuli jirani inapata shida kuikaribia oksijeni. Ukilinganisha ya pili na ya tatu kwenye orodha utaona sababu hii ikifanya kazi yake: zote zina tawi moja tu, lakini ile ambayo tawi liko mbali na OH huchemka juu zaidi.

Sasa umumunyifu wa hizo nne unakwenda kinyume kabisa. Butan-1-oli, iliyochemka juu kuliko zote, ndiyo inayomumunyika kidogo kuliko zote. 2-methilipropan-1-oli inaizidi kidogo, gramu 8 na nusu hivi. Butan-2-oli inazizidi zote mbili waziwazi. Na 2-methilipropan-2-oli, ya mwisho kwa kuchemka, huchanganyika na maji bila kikomo. Sababu ni kwamba maji yenyewe yamefungana kwa bondi za haidrojeni, na kila molekuli inayoingia lazima itengenezewe nafasi. Mkia mrefu wa kaboni unalazimisha maji mengi kujipanga upya kuuzunguka. Mkia uliojikunja kuwa gololi una eneo dogo la nje, kwa hiyo gharama ni ndogo, na OH bado ipo kulipia.

Jaribio lake ni rahisi na silikosi kila mwaka. Weka mililita 10 za maji kwenye testi tyubu kubwa, ongeza butan-1-oli kwa dropa huku ukiziba na kutikisa. Nusu mililita ya kwanza inapotea yote. Ukikaribia mililita moja, maji yanakuwa na ukungu, na ukiiacha itulie utaona tabaka jembamba linaelea juu, kwa kuwa uzito wake kwa mililita ni gramu 0.81. Wanafunzi wenye haraka hutangaza ukungu mapema mno, kumbe wameona viputo vya hewa vya kutikisa. Subiri nusu dakika: viputo hupanda na kuisha, matone ya alkoholi hubaki na kuungana. Rudia kwa 2-methilipropan-2-oli, na ukungu hautakuja hata ukimaliza dropa kumi. Fungua madirisha, harufu ni kali, na moto usiwepo chumbani. Etha usiilete kabisa kwenye jaribio la shule. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza hadi kwenye mwali.

Asubuhi moja ya Julai, Arusha, niliikuta chupa ya 2-methilipropan-2-oli imeganda kama barafu. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, umesema molekuli zake hazishikani vizuri, mbona imekuwa mango?" Swali zuri mno. Huyeyuka kwenye nyuzi 26 hivi, huku butan-1-oli ikibaki kimiminika hadi chini ya nyuzi 80 za baridi. Gololi hazigusani sana, lakini hupangika vizuri, na kuyeyuka kunategemea upangikaji wa fuwele. Kwa hiyo hoja za kuchemka usizihamishie kwenye kuyeyuka. Na lugha yetu hapa inahitaji uangalifu: mtaani tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai na mafuta ya nazi yameyeyuka juani. Darasani nasisitiza la kwanza liitwe kumumunyika, kwa sababu nimeona majibu yaliyoharibika kwa neno hilo moja tu.

Arusha pia ilinipa tatizo jingine. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95. Wanafunzi walipopima viwango vya kuchemka vikaja chini ya vya kitabuni wakadhani kipimajoto ni kibovu. Namba za kitabuni ni za kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari. Linganisha mpangilio, na upime maji kwanza siku hiyohiyo ili ujue umeshuka kiasi gani.

Kabla ya kufunga jibu, jiulize pia kama mtoaji na mpokeaji wako kwenye molekuli moja, wamekaa jirani. 2-naitrofenoli na 4-naitrofenoli zina makundi yaleyale, OH na NO2, kwenye pete ya benzini. Kwenye ya kwanza makundi hayo yamekaa bega kwa bega, na haidrojeni ya OH inafungana na oksijeni ya NO2 ndani ya molekuli ileile. Imeshaolewa nyumbani, haitafuti nje. Hivyo huchemka kwenye nyuzi 216 hivi, wakati 4-naitrofenoli, iliyo na makundi pande mbili za pete, inafika 279. Safari hii majibu yote mawili yanashuka pamoja, kwa sababu OH iliyojifunga haishiki mwenzake wala maji: lita ya maji hubeba gramu 2 hivi za 2-naitrofenoli na zaidi ya gramu 10 za 4-naitrofenoli. Ukipitisha mvuke wa maji kwenye mchanganyiko wa hizo mbili, 2-naitrofenoli ndiyo hupanda na mvuke na kuganda kwa rangi ya njano kwenye chombo cha kupokelea, na mwenzake hubaki chini.