Kanuni za darasa kwa watoto ambao bado hawajui kusoma

Nafundisha P.1, yaani darasa la kwanza la msingi, hapa Busia, upande wa Uganda. Februari watoto wa miaka sita wanapoanza, wengi hawawezi kusoma hata majina yao, na kila mmoja anakuja na lugha ya kwao: Kisamia, Kiteso, Kiswahili cha sokoni. Ndiyo maana kanuni tunazitunga kwa mdomo kwanza, kisha tunazichora.

Ukiwauliza kanuni ziwe zipi, watakupa makatazo matupu: usipige, usiibe penseli, usipige kelele. Na anayevunja achapwe! (Sheria ya mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, lakini wao hawana habari.) Pokea yote, kisha uliza: "Sasa badala yake tufanye nini?"

Chukua hilo la kelele. Jibu la haraka huwa "Tunyamaze." Mimi silikubali, maana kesho nitawataka wazungumze kwenye vikundi. Nauliza tena: mwenzako akisema, wewe unafanya nini? "Namsikiliza, mwalimu." Basi kanuni imepatikana: Mmoja akisema, wengine tunasikiliza. Kabla ya kuipitisha, waambie waiigize. Kanuni isiyoigizika, kama "Tuheshimiane", bado haijaiva. Ivunje iwe kitendo: Tunaomba kabla ya kuchukua.

Kwenye picha ndipo walimu wengi wanapokwama. Wanachora mtoto anayepiga kelele, halafu wanamkata kwa msalaba mwekundu. Asiyejua kusoma anamwona yule anayepiga kelele. Msalaba kwake ni mistari tu. Chora kile unachotaka kifanyike, kitendo kimoja kwa kila picha. Sikio peke yake halitoshi pia. Darasani kwangu walisema ni mandazi. Tukachora mtoto mmoja amesimama mdomo wazi, na watatu wameketi, mikono masikioni kama wanaotega.

Kisha ijaribu. Mwite mtoto ambaye hakuwepo siku ile, umwulize, "Hawa wanafanya nini?" Usimdokeze. Akikosea, picha ndiyo mbovu, ichorwe upya.

Kanuni nne zinatosha. Darasa likiwa kubwa, kila kikundi kichore picha ya kanuni moja. Manila huchanika upesi, kwa hiyo natumia gunia la sukari lililopakwa uji mzito wa muhogo na kuanikwa juani; wino hausambai. Litundike chini, usawa wa macho yao, wala si juu ya ubao.

Kelele zikizidi, naenda kuigusa picha bila kusema neno. Wa mbele wanaona, wanawagusa wa nyuma. Aliyenyang'anya penseli namwambia anionyeshe picha yake, kisha aombe upya kama ilivyochorwa.

Muhula wa pili tunazipitia tena. Mwaka jana kupanga foleni kwenye jerikeni la kunawia kulishakuwa mazoea, basi wenyewe wakaomba picha hiyo itolewe, nafasi yake ikachukuliwa na kufuta ubao.