Kabla hujashika kikokotoo, uliza hiyo volti imepimwa kati ya nini na nini

Wiki iliyopita kijana anayesomea umeme hapa Kampala alinitumia picha za slaidi mbili. "Mwalimu, hizi zinapingana," aliandika. "Ya kwanza inasema volti ikipanda upotevu unapungua. Ya pili ina P = V²/R, kwa hiyo volti ikipanda upotevu unaongezeka. Nishike ipi?"

Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi darasani. Mhadhiri alinijibu kwamba asiyeona jambo hilo amekosea kozi, akapitisha slaidi. Hadi leo linaniuma, maana swali lilikuwa la haki na jibu lake ni fupi: V ya slaidi ya pili si volti ya laini. Ni volti inayopotea ndani ya waya wenyewe, kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake.

Tulifanya hesabu pamoja kwa simu. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80. Tuseme kila waya wa fezi una ukinzani wa omu 10, nasi tunaingiza megawati 10 kwenye laini ya fezi tatu. Tuachane na pawa fakta kwa sasa.

Kwa volti 11,000, mkondo ni P/(√3 × V), yaani ampea 525 kwa kila waya. Zidisha kwa omu 10: volti 5,250 zinaishia njiani. Kumbuka fezi moja hadi nyutro ilianza na volti 6,350 tu, kwa hiyo Kampala inabakiwa na 1,100. Upotevu, 3 × I²R, ni megawati 8.3 kati ya zile 10. Waya unapasha hewa joto, mji uko gizani.

Sasa transfoma ya Jinja ipandishe hadi volti 132,000, kiwango ambacho laini za huko zinatumia kweli. Volti imezidishwa mara 12, mkondo umegawanywa kwa 12 ukawa ampea 43.7. Zinazopotea kwenye waya ni volti 437 kati ya 76,200 za fezi. Weka hizo 437 kwenye V²/R, zidisha kwa waya tatu, utapata kilowati 57. I²R nayo inakupa 57. Slaidi hazikupingana hata kidogo. Mwandishi wake hakusema tu V ni ya wapi. Upotevu umeshuka mara 144, yaani 12 kwa 12, kwa sababu mkondo ndio unaojizidisha wenyewe.

Kijana akaelewa, nami nilifurahi sana. Lakini slaidi iliyofuata ikamkwamisha palepale, na ukiangalia vizuri ni tatizo lilelile. Transfoma ya mtaani, ile ya juu ya nguzo, imeandikwa 11 kV / 415 V, Dyn11. Akagawanya 11,000 kwa 415, akaandika kwamba uwiano wa mizunguko ya koili ni 26.5.

Hizo namba mbili ni volti za laini kwa laini. Mizunguko iko kwenye koili, kwa hiyo uliza koili moja inapata ngapi. Herufi D inakwambia upande wa volti kubwa umefungwa delta: kila koili imekaa kati ya laini mbili, inabeba 11,000 zote. Herufi ndogo y ni nyota, na n ni nyutro iliyotolewa nje: kila koili imekaa kati ya laini na nyutro, inabeba 240. Uwiano wa mizunguko ni 11,000 kwa 240, karibu 45.8. Tofauti ya 45.8 na 26.5 ni √3 tu, na ukiiacha utajaza koili mizunguko isiyo yake.

Ninyi mnaopita slaidi hizi mbio ili mfaulu mtihani, acheni. Chora koili, weka alama pale ncha mbili za voltimita zinapogusa, ndipo ugawanye.

Na kama karakana yenu ina transfoma iliyokwisha kukatwa kabisa kwenye laini, mwombe fundi mkuu asimamie jaribio hili. Peleka volti 415 za fezi tatu kwenye vituo vya 11 kV, kisha pima upande mdogo. Laini kwa laini utasoma karibu 15.7; laini kwa nyutro karibu 9.06. Gawanya 415 kwa 9.06 uone 45.8 inavyojitokeza. Fezi moja ikisoma tofauti na wenzake, shuku mizunguko iliyogusana ndani ya koili hiyo, au swichi ya tepu iliyokaa vibaya. Ila usipeleke kamwe hizo 415 upande mdogo: transfoma haijui kwamba mnafanya jaribio, itatoa 11,000 kamili kwenye vituo vilivyo wazi upande wa pili.