Ameacha kucheua baada ya kula unga

"Ng'ombe wangu alivamia gunia la unga wa mahindi jana usiku. Leo amelala tu, hacheui. Nisubiri?"

Usisubiri, ndugu. Mwite daktari wa mifugo sasa hivi, na uondoe nafaka yote karibu naye.

Tumbo lake la kwanza, rumeni, ni pipa la kuchachusha. Vijidudu humo huvunja majani na kutoa asidi. Retikulamu, kifuko cha jirani, husaidia kurudisha donge mdomoni, na analotafuna humwagiwa mate yenye magadi, zaidi ya lita 100 kwa siku, yanayotuliza asidi hiyo. Unga haumlazimishi kucheua. Mate hupungua huku asidi ikipanda, rumeni inasimama. Omasamu, inayofyonza maji, na abomasamu, tumbo halisi kama letu, hubaki zikingoja.

Ukimsubiri daktari, kandamiza ngumi ubavuni kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho. Rumeni yenye afya huisukuma ngumi mara moja au mbili kwa dakika. Ukisikia chapwachapwa ya maji bila msukumo, au akihara kinyesi chachu, mwambie daktari. Usimnyweshe kitu kwa nguvu, kinaweza kuingia mapafuni.