Kupata laini upya kwa namba ileile, na kuhakikisha kadi ya zamani imekufa kweli

"Wakuu, nimeporwa simu laini ikiwa ndani. Nataka namba yangu ileile irudi kwenye kadi mpya. Ila kinachonitisha ni ile kadi aliyonayo jamaa, nitajuaje imefungwa kweli na hawezi kuitumia tena?"

Pole sana mkuu. Mdogo wangu aliporwa simu akiwa anaichati, yani ikiwa wazi haijalokiwa, na mimi ndo nilihangaika nae mpaka namba ikarudi, kwahiyo nakueleza tulivyopita.

Kwanza uelewe kitu kimoja maana ndo kitakutoa wasiwasi. Namba yako haikai ndani ya kadi. Kadi ina utambulisho wake na ufunguo wa siri, ila namba iko kwenye mitambo ya kampuni ya simu ambako imeandikwa kwamba namba fulani ni ya kadi fulani. Ukienda kupewa laini upya wanachofanya ni kuifuta kadi ya zamani pale na kuandika mpya, na tangu dakika hiyo ile ya zamani ni kiplastiki tu hata akiihamishia simu gani, haitapiga wala haitapokea meseji. Ndo maana pia ukiona siku simu yako imekata mtandao ghafla bila sababu, wenzio wa mtandao huohuo wako hewani na ukizima na kuwasha hairudi, wapigie kampuni haraka sana, inawezekana kuna mtu kaichukulia namba yako kadi nyingine.

Sasa hatari iko kwenye muda wa katikati, kuanzia umeporwa mpaka kadi mpya ianze kazi. Jamaa anaweza kuichomoa kadi akaiweka kwenye simu yake, akaomba kubadili nywila za akaunti zako na namba za uthibitisho zikamfikia yeye, kwa sababu kadi nyingi hazijawashiwa PIN. Kwahiyo usisubiri kesho ofisi zifunguliwe. Chukua simu ya mtu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, sema laini imeibiwa naomba muifunge. Watakuuliza majina kamili kama ulivyosajili, namba ya kitambulisho, namba unazopiga mara kwa mara, labda na mara ya mwisho uliweka salio lini, jiandae. Kama una pesa kwenye simu waambie wafunge na akaunti ya pesa, itaje kabisa kwa jina usidhani imeingia humohumo, afu uwaombe namba ya taarifa yako na uiandike. Sisi tulifanya hivyo usiku uleule. Baada ya hapo wapigie na benki kama namba imeunganishwa huko.

Watu wengi wakishafunga wanapiga ile namba, wakisikia haipatikani wanasema imefungwa tayari. Hapana, hata simu ikizimwa tu utasikia maneno hayohayo, kwahiyo hiyo sio ushahidi. Piga tena huduma kwa wateja, taja namba ya taarifa, wakusomee kama zuio limeshawekwa.

Asubuhi ndo mnaenda ofisini kwao na kitambulisho. Hapa wengi wanakwama kwa jambo moja, laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, labda mjomba au rafiki wa zamani. Hapo mwenye jina ndo inabidi aje, hata kama namba umeitumia wewe miaka yote. Ukipewa kadi angalia nyuma yake, kuna tarakimu 19 au 20 zinazoanza na 89, hiyo ndo namba ya kadi yenyewe na ndo mhudumu anaiunganisha na namba yako ya simu. Linganisha tarakimu za mwisho na alizoingiza, akikosea moja tu utasubiri mtandao ambao hauji. Na mhudumu hahitaji PIN yako ya pesa, akikuuliza usimpe.

Kuna wanaopata ndani ya dakika chache, kuna wanaoambiwa wasubiri hadi saa 24. Ya mdogo wangu ikaleta kituko, jina la mtandao linasoma vizuri tu juu ya simu ila ukipiga haitoki na ukimpigia haiingii. Kumbe lile zuio tuliloomba usiku lilikuwa bado limekaa kwenye namba, mhudumu kabadilisha kadi hajaliondoa. Tukarudi dirishani likaondolewa, ikaanza palepale. Kwahiyo usiondoke ofisini kabla hujajaribu: zima simu uwashe, piga kwa mtu, akupigie, akutumie meseji. Zikiingia zote kwenye kadi mpya basi huo ndo ushahidi wako kwamba ya zamani imekufa, maana namba sasa inaelekea kwako.

Haya, tulivyofurahi namba imerudi tukaanza kupigiwa na watu, mbona dogo anatukopa hela WhatsApp? Hapa naomba usome taratibu. Kufunga kadi hakufungi simu. WhatsApp inathibitisha namba mwanzoni tu, ikishafunguka inaendelea kwenye intaneti yoyote, jamaa alikuwa anatumia waifai anachati kama ndo dogo. Dawa ni kuweka WhatsApp kwenye simu nyingine yenye kadi mpya, ingiza namba yako, meseji ya tarakimu 6 itakuja kwako, ukiijaza tu yeye anatolewa. Kama aliwahi kuweka PIN ya hatua mbili utasubiri siku 7 ndo uingie, ila yeye anakuwa ameshatoka tayari. Telegram ni tofauti, wewe kuingia hakumtoi, lazima uende setingi kwenye orodha ya vifaa umtoe mwenyewe. Na Gmail hivyohivyo, badili nywila na uiondoe ile simu kwenye akaunti. Ukiweza fanya haya ya Gmail usiku uleule, hayasubiri kadi.

Usishtuke huduma za pesa zikigoma kwa muda baada ya kubadili kadi, kampuni na benki nyingine huzuia makusudi kwa usalama. Namba za watu ulizokuwa umesevu kwenye kadi hazirudi, zilizo kwenye akaunti ya Gmail zitarudi.

Kwa wale ambao kadi imeharibika tu, kazi yenu ni nyepesi. Futa ile sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, ijaribu kwenye simu nyingine, ikisoma huko basi ugonjwa uko kwenye simu sio kadi. Isiposoma nenda nayo ofisini.

La mwisho mkuu, kadi mpya iwekee PIN kwenye setingi za usalama, ili siku akiichomoa mtu aikute imefungwa. PIN ya kiwandani itakayoulizwa kwanza mara nyingi imeandikwa kwenye lile plastiki kubwa ulilochomolea kadi, na PUK ya tarakimu 8 ipo hapohapo, kwahiyo usilitupe wala usitembee nalo, liache nyumbani. Ukikosea PIN mara 3 itadai PUK, na PUK ukikosea mara 10 kadi inakufa moja kwa moja unarudi tena kwenye foleni.