Umejaza apu za Lite na simu bado inaganda? Hata mimi nilipitia hapo

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, nainukuu maana imenichoma: "Kaka nimeweka Facebook Lite, Instagram Lite na TikTok Lite kama mnavyotushauri, simu yangu ya GB 1 ndo kwanza imezidi kuganda, nifanyeje au niitupe?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo dada ni mimi kabisa wa miaka ile.

Nikamuuliza swali moja tu, zile apu kubwa umezitoa? Akajibu hazitoki kaka, zimekuja na simu. Basi nikajua tatizo liko wapi.

Simu yangu ilikuwa na RAM GB 1 na storeji GB 8, na kwenye hizo 8 mfumo wenyewe ulishajichukulia karibu nusu. Nilikuwa nauza viatu kwa WhatsApp, picha zinaingia mchana kutwa. Niliposikia Facebook Lite ni MB chache tu kupakua nikaona hiyo ni bure kabisa, nikaweka, nikaweka na nyingine, nikajiona mjanja. Kumbe zile nzito bado zilikuwa zinajiamsha zenyewe kwa nyuma kutafuta arifa na kujiapdeti, kwa hiyo sikuwa nimebadilisha kitu, nilikuwa nimeongeza wapangaji kwenye chumba kilichojaa.

Siku simu ilipoandika storeji imejaa, picha hata moja haiingii, nikaingia Settings, Apps, WhatsApp, Storage. Pale kuna vitufe viwili vimekaa jirani, Clear cache na Clear data. Kwa haraka zangu nikabonyeza cha pili. WhatsApp ikafunguka kama mpya inaniomba namba ya simu, mikono ikaanza kutetemeka.

Bakapu ilikuwepo ndani ya simu, chati zikarudi, nikashukuru. Ila WhatsApp hutengeneza hiyo bakapu saa nane usiku, kwa hiyo kila kilichoingia kuanzia alfajiri ile kiliondoka. Na asubuhi ile mteja mpya alikuwa ameagiza jozi 11 na saizi zake zote, namba yake sijaisevu. Alipoandika tena baada ya siku mbili ilikuwa kunisema tu, viatu alishanunua kwingine. Mpaka leo nikikumbuka jozi 11 zile moyo unauma, acha tu.

Kwa hiyo sikia. Kabla hujapakua chochote jua kwanza unaumwa wapi, RAM ambako apu zilizo wazi zinafanyia kazi, au storeji ambako vitu vyako vinahifadhiwa, watu wanachanganya sana hivi vitu. Ukitoka kwenye apu kurudi mwanzo na ikoni zinajichora upya moja moja kama zinaamka usingizini, hiyo ni RAM, maana simu imelazimika kuufunga hata ukurasa wa mwanzo ili apu ipate pa kukaa. Dalili nyingine ya RAM ni unaandika meseji, unatoka kidogo kucheki namba, ukirudi apu inaanza mwanzo. Lakini picha zikikataa kuingia na apdeti zikigoma, hiyo ni storeji. Mara nyingi simu ya zamani inaumwa vyote, ila dawa yake sio moja.

Haya, kutoa. Apu iliyokuja na simu haifutiki ndio, lakini inalazwa. Nenda Settings, Apps, chagua Facebook, bonyeza vidoti vitatu juu halafu Uninstall updates, kisha Disable. Hatua ya kwanza usiiruke, maana ile apu ya kiwandani inakaa kwenye sehemu ya mfumo ambayo hata hivyo sio yako kutumia, ila kila apdeti iliyokuja baadaye imekaa kwenye nafasi YAKO. Ukitoa apdeti nafasi inarudi, ukibonyeza Disable inaacha kujiamsha. Kwenye simu nyingi utakuta na wasaidizi wake wana majina kama Facebook App Manager na Facebook Services, nao walaze. Akaunti yako haiguswi, iko huko mtandaoni.

Hapo sasa ndo uweke Lite, na usiweke zote. Mimi nilibaki na Facebook Lite peke yake kwa sababu ndiko wateja wananitafuta. Inakuwa nyepesi kwa sababu kazi nyingi inaziachia seva, simu yako inaletewa kitu ambacho kimeshaandaliwa, ndo maana mtandao ukiwa dhaifu kila unachobonyeza kinasubiri kidogo, hiyo sio simu kuganda. Picha nazo huwa na ukungu ukungu, zoea. Na Lite nayo inanenepa ukiitumia, yangu baada ya mwezi ilikuwa imevuka MB 150, nyingi ni kashe, yaani vitu vya muda ambavyo apu inajiwekea. Hapo unabonyeza Clear cache, CLEAR CACHE jamani, kirudie hicho kitufe kichwani kabla kidole hakijashuka.

Mitandao unayopita mara moja moja, Instagram, X na wenzao, sioni sababu ya kuiweka apu. Ifungue kwenye Chrome, ingia akaunti yako, bonyeza vidoti vitatu halafu Add to Home screen, inakaa ikoni kama apu lakini ukiifunga imefungwa, haina cha kufanya kwa nyuma. Ikikuomba ruhusa ya kukutumia arifa kataa. Na tabo usiziache 30 wazi, brauza nayo inakula RAM, mbili tatu zinatosha. Ukiona Chrome yenyewe ni mzigo jaribu Opera Mini, kurasa zinabanwa kwenye seva zao kabla hazijakufikia, ingawa kurasa nyingine zinakuja zimevurugika.

WhatsApp haina Lite. Narudia kwa sababu kila wiki natumiwa faili la apk, ati WhatsApp Lite, ati GB WhatsApp. Hizo zimetengenezwa na watu wengine, akaunti inaweza kufungwa na chati zako zinapita mikononi mwa usiyemjua. Hata Messenger Lite ilikuwa ya kweli lakini ilifungwa mwaka 2023, anayekupa leo anakupa marehemu. WhatsApp unaipunguza mwenyewe: Settings, Storage and data, kwenye Media auto-download toa tiki zote, halafu Manage storage ufute video kubwa kuanzia juu. Usisahau folda ya Sent, kila picha na video unayotuma inaacha nakala humo. Mimi nilikuta picha za viatu vilivyouzwa mwaka mzima nyuma.

Na zile apu za kuongeza kasi zenye roketi, toa. Zinaua apu, apu zinajiamsha tena, kila kuamka ni kazi upya kwa prosesa na betri, na yenyewe roketi inakaa kwenye RAM hiyo hiyo unayoilalamikia.

Yule dada nilimpa haya jioni, asubuhi kaniandikia amelaza nne, amefuta TikTok Lite na Instagram Lite, amebaki na Facebook Lite na WhatsApp, na meseji sasa haiishii njiani. Video kolu bado inakata akiwa na Chrome wazi, nikamwambia hiyo afunge Chrome kwanza kabla ya kupiga, na simu ya GB 1 isitegemee kuwa na mawili makubwa kwa wakati mmoja. Ameuliza tena kama anaweza kuirudisha TikTok. Nimemwambia kwenye brauza dada, kwenye brauza.