Enaji Haipunguzi Ulevi, Inauficha Tu

Ukifanya kazi ya kaunta kwenye baa huku Bamburi, unazoea kumjua mlevi kwa usingizi wake. Mtu wa bia akifika pake, kope huwa nzito, maneno hupungua, mwishowe huomba bili mwenyewe akaita tuktuk. Anayechanganya vodka na enaji hafiki hapo upesi. Saa saba usiku bado macho makavu, gumzo halimwishi, na anaagiza nyingine.

Wengi hudhani enaji imepunguza makali ya pombe. Haikupunguza chochote. Kwenye ubongo kuna kemikali inayoitwa adenosini, ambayo hujikusanya kadiri mtu anavyokaa macho na ndiyo hutuletea uchovu. Pombe huizidisha, na hiyo ni sababu mojawapo ya mnywaji kusinzia. Kafeini iliyo kwenye enaji huwahi kukaa pale ambapo adenosini ingekaa, kwa hivyo habari ya uchovu haifiki. Kilevi kwenye damu kiko vilevile, na ini halikuongeza kasi hata kidogo.

Watafiti wa Brazili walilipima jambo hili mwaka wa 2006. Vijana walinyweshwa vodka peke yake, na siku nyingine vodka na enaji. Walipochanganya, walisema kichwa hakiwaumi sana, mwili hauna ulegevu, na mikono inawatii. Vipimo vikasema mengine: mikono ilikuwa imeharibika sawasawa na siku ya vodka tupu, na macho yalichelewa vilevile kuitikia.

Hayo mimi huyaona kaunta. Jumamosi moja kijana mmoja alikuwa na kota ya vodka na mikebe miwili ya enaji. Nilipomwambia apumzike kidogo, alinijibu bila ulimi kuteleza: "Kaka, mbona waniona nimelewa? Mimi niko sawa." Na kwa kumsikiliza ungemwamini. Kisha akataka kulipa kwa simu, akakosea namba ya siri, akarudia akakosea tena. Chenji niliyomwekea kaunta alikuwa akiisukuma kwa kidole, shilingi haiokoteki. Ndiyo maana siku hizi mteja wa enaji simtazami macho wala simsikilizi maneno. Natazama vidole.

Hebu tuipigie hesabu kota yake. Ni mililita 250 za pombe ya asilimia 40, sawa na gramu 79 hivi za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 au 8 kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Aliyeanza saa tatu usiku hamalizani na kota hiyo mpaka saa moja au saa mbili asubuhi. Mikebe yake miwili midogo, ya mililita 250 kila mmoja, ilikuwa na miligramu 160 hivi za kafeini, ambazo nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hivyo saa zile ambazo kilevi kimepanda kabisa ndizo anazojihisi mzima. Ile mashine ya polisi ya kupima pumzi haijali umechangamka vipi. Inapima kilevi kilicho kwenye pumzi tu.

Husemwa pia kwamba wanaochanganya na enaji hunywa zaidi, na hapo nadhani jambo lenyewe lina pande mbili. Wapo waliokuwa wanywaji wakubwa tangu zamani, na enaji imewakuta hivyo. Lakini hata asiye mnywaji sana, ule uchovu ndio uliokuwa ukimwambia basi. Ukinyamazishwa, ile raha ya glasi za mwanzo inaonekana bado ipo, na utamu wa enaji baridi unafunika ukali wa vodka, kwa hivyo glasi ya tano inapita kama ya kwanza.

Ushauri wangu ni kuweka idadi kabla ya kuanza. Mwambie mhudumu akupimie kwa toti, usijimiminie kutoka kwenye chupa, na toti ulizopanga zikiisha zimeisha, hata kama unajiona mzima. Cha kuchanganyia chukua soda ya ndimu au maji ya soda. Kola nayo ina kafeini, kama theluthi ya ile ya enaji kwa ujazo uleule.

Na kama mwenzenu alikuwa amechangamka hivyo kisha akalala ghafla, msimwache peke yake mkidhani amechoka. Pombe ya glasi za mwisho bado inaingia kwenye damu. Mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, mumwite na kumtikisa. Asipoamka, au akipumua polepole kwa vituo, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na daktari aambiwe kuwa alichanganya na enaji.